Mdudu wa Kidole Gumba

Wateja walimwita Mpelelezi, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko koti lake jeupe la kazi. Alikuwa kinyozi wa chumba kimoja chenye kiti cha kunyolea, benchi la kungojea na kioo kilichopasuka pembeni, na mtu akishafungwa kitambaa shingoni hakuwa na pa kukimbilia. Hapo ndipo maswali yalipoanza. Kwa nini nywele za utosini huota kwa kuzunguka? Kwa nini watu husinzia mashine ikipita nyuma ya sikio? Aliyeingia na haraka zake alitoka na kichwa safi na shaka mpya. Wapo waliosema kwamba bwana huyu hupunguza nje, akapanda ndani.

Kwa hiyo kidole gumba chake cha kushoto kilipoanza kuuma, alikipokea kwanza kama swali.

Ilikuwa asubuhi, akifunga vifungo vya shati. Kifungo cha pili kilimfanya avute pumzi kwa meno. Alikwenda dirishani penye mwanga, akakitazama. Pembeni ya ukucha, upande unaoelekea kidole cha shahada, ngozi ilikuwa imetuna kama mdomo wa mtu aliyenuna, nayo imeiva wekundu uliokuwa ukielekea zambarau. Akikibonyeza kiliuma. Asipokibonyeza kilipwita. Alikibonyeza mara kadhaa ili awe na hakika.

Watu wengi hudhani kinyozi hunyoa kwa mkono wa kulia. Mkono wa kulia hushika chombo tu, hata mtu aliyelala anaweza kushika chombo. Kazi yenyewe iko kwenye kidole gumba cha kushoto. Hicho ndicho kinachovuta ngozi ikakaza, ndicho kinachotangulia mbele ya wembe kupapasa chunusi, kovu, na ule mfupa wa kisogo ambao kila mtu anao na hakuna anayefanana na mwenzake. Bila hicho, wembe hauna macho. Mpelelezi alilijua hilo, na ndiyo sababu udadisi wake siku hiyo ulikuwa na baridi kidogo ndani yake. Mtu anaweza kuishi bila kidole gumba cha kushoto. Kinyozi atatafuta kazi nyingine.

Dukani alimkuta mwalimu mstaafu ameshawahi benchini. Kichwa cha mwalimu kilikuwa kimeagana na nywele miaka mingi iliyopita, lakini aliendelea kuja, kwa sababu ya benchi. Kitini alikaa fundi bomba, mtu mnene mwenye nywele ngumu, na pembeni ya mwalimu alingoja karani mmoja aliyekuwa akisoma simu yake.

"Hiyo ni kaka," alisema mwalimu, mara tu alipokiona kidole.

"Kaka wa nani?" aliuliza fundi bomba.

"Si kaka wa mtu. Uvimbe wa pembeni ya ukucha unaitwa kaka. Tafuta kwenye kamusi."

"Kamusi haijawahi kuumwa kidole, mwalimu. Huyo ni mdudu. Kwetu tunasema fulani ana mdudu wa kidole, na kila mtu anaelewa. Anaingia kimyakimya, anajificha chini ya ukucha, anatafuna."

Mpelelezi alizima mashine. Fundi bomba aliona kwenye kioo kwamba amefanya kosa, maana nusu ya kichwa chake ilikuwa bado.

"Anatafuna nini?"

"Nyama."

"Ana meno?"

"Mdudu wa kutafuna atakosaje meno?"

"Na miguu?"

"Mpelelezi, ninyoe."

"Umewahi kumwona?"

"Shemeji yangu alikuwa naye. Walipokitumbua kidole, akatoka."

"Ulikuwepo?"

Fundi bomba alijikuna shavu chini ya kitambaa. "Nilikuwa kazini. Lakini alitoka."

Mwalimu alisema hata yeye alikuwa na binamu. Binamu naye alitokwa na mdudu, mbele ya watu wengi, na mwalimu siku hiyo alikuwa safarini. Ilionekana kwamba mdudu wa kidole alikuwa amewatembelea jamaa wa kila mtu chumbani, akichagua daima wakati ambapo msimuliaji hayupo. Dawa zake, hata hivyo, zilijulikana na wote. Fundi bomba alisema mtu hutoboa limau, akachomeka kidole ndani, akalala hivyo. Mwalimu alipendekeza kitunguu kilichochomwa. Karani hakupendekeza kitu. Aliinua macho kutoka kwenye simu, akakitazama kidole, akatazama kichwa cha fundi bomba ambacho kidole hicho kilikuwa kikielekea kukishika, akakumbuka ghafla kwamba ameacha jiko linawaka.

"Ofisini kwenu kuna jiko?" aliuliza Mpelelezi. Lakini karani alikuwa ameshawapa kisogo.

"Hata mimi kidole hicho hakinigusi sikio," alisema fundi bomba.

Mpelelezi alivaa glavu ya mpira, akamalizia upande uliobaki. Kabla ya kuivaa, alifanya jambo ambalo alilifanya kila siku bila kujiona. Kinywele kimoja kilichokatwa kilikuwa kimemkwama pembeni ya ukucha wa kidole cha kati. Alikipeleka kidole mdomoni, akakivuta kinywele kwa meno pamoja na kipande cha ngozi kilichochanika hapo, akatema pembeni, akaendelea na kazi. Vinyozi wote aliowajua walifanya hivyo. Mikono yote miwili ina shughuli, na meno yako karibu.

*

Nyumbani kesi ilikuwa na watuhumiwa wake tayari.

Mama yake Mpelelezi alikuwa amekuja kuwasalimia. Hakuwa amesema ataondoka lini, na hakuna aliyethubutu kumuuliza, hata Mpelelezi. Alikuwa mama aliyekula chumvi nyingi, mwenye kichwa kinachong'aa, maana hakutaka shida ya kuchana nywele, na wiki iliyotangulia alikaa uani juu ya kigoda akanyolewa na mwanawe mpaka karibu na ngozi. Mke wa Mpelelezi alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule sebuleni, nguo nyeupe nyingi, na mikono yenye maji na nguo nyeupe havipatani. Kwa hiyo vyombo vya jioni viliangukia kwa Mpelelezi, naye aliviosha bila manung'uniko, kwa kuwa povu lilikuwa na mambo mengi ya kuuliza.

Mama alikishika kidole, akakigeuza kwenye mwanga.

"Mdudu," alisema. "Na aliingilia kwenye masufuria. Mwanamume akiloweka mikono kila siku kama anaotesha mbegu, mdudu atakosa nini?"

Cherehani ilinyamaza.

"Mama," alisema mke, "mimi masufuria ya nyumba hii nimeyaosha tangu niolewe mpaka kazi iliponizidi. Huyo mdudu hakunitaka."

"Alikuonea huruma."

"Au alikuwa anangoja mtu wa damu yenu."

"Mama watoto," alisema Mpelelezi, "unadhani anachagua?"

"Baba watoto, nyamaza uponywe."

Uponyaji ulifanywa na mama. Alileta beseni la maji ambayo mvuke wake ulipanda mpaka darini, akakishika kifundo cha mkono wa mwanawe kwa nguvu ya mtu aliyewahi kukiosha kikiwa kidogo.

"Mama, mdudu akichemshwa, anakufa au anakasirika?"

"Tia kidole."

Alikitia, akakitoa, akaruka. Mama alisema hiyo ni dalili kwamba mdudu amesikia. Kisha alichovya kitambaa kwenye maji yaleyale, akakizungushia kidole kikiwa kinachuruzika, akakifunga kwa uzi wa cherehani ulioombwa bila kutajwa jina la mwenyewe, na akaagiza kisifunguliwe mpaka asubuhi.

Asubuhi kilifunguliwa. Ngozi yote ilikuwa nyeupe, imekunjamana kama haragwe lililolowekwa. Uvimbe ulikuwa umekua, umeanza kuzunguka shina la ukucha, na mahali pamoja, chini ya ngozi iliyokonda, palikuwa na doa la manjano linaloelekea kijani.

"Unaona?" alisema mama. "Amesogea mlangoni. Leo anatolewa."

"Kwa nini?"

"Kwa wembe. Wewe si kinyozi?"

*

Ndivyo Mpelelezi alivyojikuta dukani kabla ya wateja, mlango umeegeshwa, mkono wa kushoto juu ya taulo safi, wa kulia umeshika wembe mpya kutoka kwenye karatasi yake, na kando kichupa cha spiriti. Si maumivu peke yake yaliyomleta hapo. Maumivu angeyavumilia. Alitaka kumwona. Watu wote waliomzunguka walikuwa na jamaa aliyemwona, na yeye, ambaye kazi yake yote ilikuwa kutazama ngozi kwa karibu, hajawahi kuona hata ukucha wa mdudu huyo, kama mdudu ana kucha.

Alisogeza taa. Alipangusa kidole kwa spiriti, akangoja ikauke. Alishusha wembe mpaka ukagusa ile sehemu ya manjano, na mkono wake wa kulia ukasimama wenyewe.

Haukusimama kwa hofu. Ulisimama kwa mazoea. Mkono wa kulia ulikuwa unangoja ngozi ivutwe. Kwa miaka yote haujawahi kukata mahali ambapo kidole gumba cha kushoto hakijatangulia, kikakaza, kikasema hapa ni salama. Sasa kidole hicho ndicho kilicholala kwenye taulo. Hakiwezi kujivuta chenyewe, wala hakiwezi kujitangulia. Mpelelezi alijaribu kukaza ngozi kwa kidole cha shahada, ikateleza. Alijaribu kwa kukibana kidole mezani, kikampwita mpaka begani. Alibaki ameinama juu ya wembe usiokuwa na macho, akafikiri kwamba kama mteja angekaa kitini na kuomba anyolewe namna hii, angemfukuza.

Aliutupa wembe kwenye kopo la taka zenye ncha kali, akafunga duka, akarudi nyumbani.

"Nakwenda zahanati," alisema.

"Tunakwenda," alisema mama, akitafuta mtandio wake. Alitaka kumwona mdudu akitolewa. Mke alifunika cherehani. Yeye alitaka kuwepo itakapotajwa sababu.

*

Muuguzi wa zahanati alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Aliwatazama watu watatu waliojaa mlangoni.

"Mgonjwa ni nani?"

"Mimi, sista."

"Na hawa?"

"Mashahidi."

Muuguzi hakucheka, ila alivuta viti viwili zaidi. Alikishika kidole bila haraka. Aliuliza kama ana kisukari, kwa maana wenye kisukari hawaruhusiwi kungoja hata kidogo na jambo kama hili. Hana. Aliuliza kama amepata homa. Hajapata. Alitazama kama kuna malengelenge madogo yaliyojikusanya, kwa kuwa hayo huletwa na virusi, na hayo hayapasuliwi. Hayakuwepo. Alibonyeza tumbo la kidole, ile sehemu laini ya ncha, na kuuliza kama ni ngumu au inauma. Ilikuwa laini. Alikunja mkono wa shati mpaka kiwiko akitafuta mistari myekundu, akapapasa kwapa.

"Umewahi," alisema. "Kingekuwa kimevimba mpaka ncha yote imekaza, tungekuwa tunazungumza mambo ya hospitali kubwa. Usaha ukiachwa unaweza kushuka mpaka kwenye mfupa. Nani amekifunga kwa kitambaa kibichi?"

Mama alikuwa akisoma bango la chanjo ukutani.

"Kuloweka ni kuzuri," aliendelea muuguzi, kana kwamba anamwambia bango. "Ungeloweka tangu siku ya kwanza, kikiwa chekundu tu hakijatunga, pengine usingeniona kabisa. Lakini maji yawe ya uvuguvugu, na ukitoa, unakausha. Ngozi iliyolala majini inakuwa kama karatasi. Kila kitu kinapita."

Alikitumbukiza kidole kwenye kibakuli cha maji ya uvuguvugu, akawaacha wakae. Hakukuwa na maumivu. Mpelelezi alishangaa kuona kwamba maji yaleyale, yakipungua ukali, yalimfanya asikie usingizi. Aliuliza kwa nini. Muuguzi alisema joto huleta damu, na damu huleta wale wanaopigana. Aliuliza wanapigana na nani. Muuguzi alisema tutaona sasa hivi.

Alivaa glavu za buluu, akapaka dawa, akachukua chombo chembamba butu. Hakukata. Alikipenyeza taratibu kati ya ukucha na ngozi iliyovimba, kama mtu anayefungua bahasha asiyotaka kuichana, akainua ukingo kidogo tu. Usaha ulitoka, mzito, wa manjano, ukafuatiwa na damu kidogo. Mpelelezi alihisi kitu kilichokuwa kimembana kikiachia, mpaka machozi yakamlengalenga. Alikuwa ameinamia kidole chake kwa karibu kiasi kwamba muuguzi alimsogeza kwa kiwiko.

"Niachie mwanga."

Na hapo, katikati ya usaha, kilionekana kitu. Kilikuwa chembamba, kimepinda, kifupi kuliko punje ya mchele. Mama alisimama.

"Huyo! Huyo hapo! Si nilisema?"

"Kaa, mama," alisema mke, naye amesimama.

Muuguzi alikinasa kwa kibano, akakisuuza kwenye maji safi, akakilaza juu ya kiganja chake cha buluu. Watu watatu waliinama. Mpelelezi, ambaye aliingojea saa hii, alitafuta kichwa, akatafuta miguu. Kitu kilikuwa cheupe toka ncha hadi ncha, na ncha zote mbili zimekatwa mshazari.

"Unafanya kazi gani?" aliuliza muuguzi.

"Kinyozi."

"Huu ni unywele."

Mpelelezi alikuwa ameona maelfu ya vitu kama hicho kila siku, sakafuni, kwenye kitambaa, kwenye koti lake, na haikumjia akilini kwamba kimojawapo kingeweza kuwa ndiye mdudu.

"Unywele uliokatwa mfupi una ncha kama mwiba," alisema muuguzi. "Unaingia pembeni ya ukucha na wewe usijue. Vinyozi wengine huingiwa hata katikati ya vidole. Ukikuingia huwa unafanyaje?"

"Nautoa."

"Kwa nini?"

Mara hii ni yeye aliyeulizwa. "Kwa meno."

"Haya," alisema muuguzi.

"Sista, sasa nataka kujua. Aliyesababisha ni nani? Ni unywele, ni meno, au..." Hakumalizia, lakini macho ya mke wake yalimmalizia.

Muuguzi alianza kufunga shashi kavu. "Bakteria unao kwenye ngozi wakati wote, na mdomoni unao wengine. Wala hawana habari na wewe. Wanangoja mlango. Unywele umetoboa tundu. Meno yako yamelipanua na kutia mate. Mtu mwingine ataufungua mlango huohuo kwa kutafuna kucha, au kwa kung'oa kigozi kilichochanika, au kwa kukata ile ngozi ya shina la ukucha ili apendeze."

"Na maji ya kuosha vyombo?" aliuliza mama.

"Yanalainisha fremu ya mlango."

"Fremu tu?" aliuliza mke.

"Hapa, fremu tu. Wanaoloweka mikono mchana kutwa wana ugonjwa wao mwingine, wa taratibu. Vidole kadhaa vinavimba wiki kwa wiki, ukucha unaota mabonde, na mara nyingine fangasi nao wanahamia. Huu wake umekuja kwa kishindo. Huu ni wa mlango."

"Lakini maji yamo," alisema mama.

"Yamo."

"Lakini si yaliyomwingiza," alisema mke.

"Siyo."

Wote wawili waliegemea viti vyao, kila mmoja akiwa ameshinda.

Mpelelezi bado alitazama kiganja cha buluu. "Ni mweupe," alisema polepole. "Kabla ya kidole kuanza kuuma, nimemnyoa nani mwenye mvi?"

Alihesabu vichwa kimoyomoyo. Fundi bomba, nyeusi. Karani, nyeusi. Akageuka. Mama alikuwa anarekebisha mtandio, akiushusha mpaka kwenye nyusi.

"Hata yule mwalimu ni mzee," alisema mama.

"Mwalimu hana hata unywele mmoja, mama."

"Basi na mimi nauliza." Mama aliketi wima. "Unywele wangu ulikuwa umetulia kichwani kwangu, haujamkosea mtu. Ni nani aliyeukata?"

Mke alijifunika mdomo kwa kiganja, mabega yakimtikisika. Mpelelezi, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, hakuwa na swali la kuongeza.

*

Maagizo yalikuwa machache. Aloweke kwenye maji ya uvuguvugu kwa muda wa kutosha kunywa chai bila haraka, asubuhi, mchana na jioni. Chumvi akipenda, lakini kinachofanya kazi ni maji. Akitoa, akaushe kabisa, afunge shashi kavu, na ikilowa abadili. Asikiminye, asikitoboe. Wekundu ukisambaa, homa ikija, ncha ikikaza au mstari mwekundu ukipanda mkononi, arudi siku hiyohiyo. Mama aliuliza habari ya vidonge, akiona kwamba wamefanyiwa mambo nusunusu. Muuguzi alisema usaha umeshatoka, na wekundu ni kidogo. Vidonge ni vya wekundu usiotaka kurudi nyuma.

"Na kazi?" aliuliza Mpelelezi. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Usishike kichwa cha mtu mpaka kiwe kikavu na ngozi imefunga. Bakteria wako ukimpelekea mtu mwenye mchubuko wa wembe, kesho ananiletea kisogo chake."

"Kitarudi kama zamani? Kupapasa, namaanisha. Kidole hiki ndicho kinachoona."

Muuguzi alimtazama juu ya miwani. "Kitakachoondoka ni ngozi ya juu. Itakayoota ni mpya. Utaniambia wewe."

Jibu hilo halikumtosha, na alirudi nalo nyumbani kama jiwe kwenye kiatu.

Beseni lilibaki chini ya mamlaka ya mama, ila sheria zilibadilika. Sasa alitumbukiza kiwiko chake kwanza, kama anavyofanya mtu anayetaka kumwogesha mtoto mchanga, na kama kiwiko kilinung'unika, aliongeza maji ya baridi. Alisimama na taulo mkononi. "Kausha. Na huko pembeni. Usinitie aibu." Mke alileta shashi. Vyombo vya jioni viliendelea kuwa vya Mpelelezi, mara tu kidole kilipofunga, lakini kwa glavu za mpira zilizovaliwa juu ya glavu nyepesi za pamba, kwa kuwa jasho nalo ni maji. Zile za pamba alizishona mke kutoka kwenye mabaki ya sare. Mama alizikagua mshono kwa mshono na hakupata la kusema, jambo lililomsumbua jioni nzima.

Dukani alikaa kwenye kiti cha kunyolea mwenyewe, kidole kimesimama juu kama cha mtu anayeomba ruhusa ya kusema. Watu walikuja kuuliza mdudu alifananaje. Alipowaambia ni unywele, walikata tamaa. Mwalimu alisema hilo halipingani na kamusi. Fundi bomba alisema kwamba mdudu wa shemeji yake, yeye, alikuwa mdudu.

"Shemeji yako anafanya kazi gani?"

"Anakata vyuma."

"Labda kilikuwa kipande cha chuma."

"Kilikuwa kinang'aa," alikiri. "Walisema ni macho."

Uvimbe ulishuka. Kupwita kulikwisha, kisha wekundu ukafifia, kisha ngozi ya juu ikaanza kujimenya vipandevipande, naye hakuvimenya kwa meno. Alinunua kibano kidogo, akakifunga kwa uzi kwenye tundu la koti lake. Chini ya ngozi ya zamani ilitokea nyingine, laini, nyembamba, ya rangi iliyopauka kidogo. Aliipitisha juu ya meza, juu ya karatasi, juu ya shavu lake mwenyewe, na kila mara alipata shaka. Meza si kichwa. Na shavu lake mwenyewe alikuwa analijua, hivyo haliwezi kuwa ushahidi.

Siku muuguzi aliposema ngozi imefunga, alirudi dukani akakuta fundi bomba ameshakaa kitini, nywele zimemwota kama fagio.

"Kinyozi mwingine yeyote angekunyoa," alisema Mpelelezi.

"Yule wa barabarani hazungumzi. Nilikaa, akaninyoa nusu kichwa kimya, nikaogopa, nikaondoka."

Kweli, upande mmoja ulikuwa mfupi. Mpelelezi alinawa mikono, akaikausha kidole kwa kidole. Alipitisha mashine mpaka pande zote mbili zikalingana, akabadilisha wembe, akafika kisogoni. Hapo alisimama. Mwalimu aliteremsha gazeti. Mpelelezi aliweka kidole gumba cha kushoto juu ya ngozi, akafumba macho, akavuta.

Mwanzoni alihisi joto tu. Kisha mfupa, ukiwa mahali pake. Kisha kovu la zamani alilolijua, karibu na sikio. Akasogea chini kidogo, na kidole kikasimama.

"Una kitu hapa," alisema.

"Wapi?"

"Chini ya ngozi. Hakijatoka. Kidogo sana, kama kichwa cha pini."

Fundi bomba alipeleka mkono nyuma, akapapasa huku na huko. "Hakuna kitu."

"Kipo."

"Mwalimu, hebu tazama."

Mwalimu alisogea, akavaa miwani, akainama. "Mimi sioni chochote."

"Kitaonekana kesho kutwa," alisema Mpelelezi, na sauti yake ilikuwa imetulia kama ya mtu aliyerudishiwa ufunguo wa nyumba yake. "Wembe utakikwepa."

"Ni mdudu?" aliuliza fundi bomba.

"Kaa kimya, nisikie."

Kidole kikatangulia, wembe ukafuata.